Halwa ya London: hamsini na tatu walisema "nitanunua", tisa walitoa pesa

Ripoti ilikuwa na kurasa tisa, imechapwa vizuri, ina na rangi. Binti wa kaka yangu aliiweka juu ya meza ya chakula, nyumbani kwao East Ham, mashariki ya London, baina ya sinia la tende na birika la kahawa. "Shangazi, wewe mwalimu wa hesabu. Isome kisha utwambie," alisema. Mama yake, wifi yangu, alikuwa kakaa upande wa pili, kanyamaza. Baadaye nilijua kwa nini. Kwenye kabati lake mlikuwa na bangili za dhahabu za harusi yake, na ilikwisha semwa kwamba ripoti ikiwa nzuri, bangili zitauzwa zikodi chumba cha kiwanda kidogo. Kwa bei ya dhahabu ya siku hizo zilikuwa na thamani ya paundi elfu tisa hivi.

Biashara yenyewe ni ya kupika halwa. Si halwa yoyote, bali halwa yetu ile ya Unguja na Maskati: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani, maji ya waridi na lozi, inakorogwa kwenye sufuria nzito saa mbili au tatu mpaka inavutika na samli inaanza kujitenga. Binti anaijua kazi hiyo, kaipata kwa bibi yake, na halwa yake, masha Allah, haina dosari. Lakini utamu wa halwa si ndio suala. Suala ni watu wangapi London wataitolea pesa, mara ngapi kwa mwaka, na kwa bei gani.

Ukurasa wa kwanza ulisema kwa herufi kubwa kwamba asilimia 85 ya walioulizwa watanunua. Basi nikavaa miwani.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu huku Ghuba tuna watoto na wapwa London, na kila mwaka kuna mmoja anayetaka mtaji wa achari, wa sambusa za kugandisha, au wa mikate ya kumimina. Karibu kila mmoja huja na ripoti kama hii. Ni vyema kujua vipi isomwe.

Nani aliulizwa?

Jambo la kwanza nililolitafuta lilikuwa sampuli, yaani wale watu wachache waliosimama badala ya wengi. Asilimia 85 ya nani? Nililikuta ukurasa wa saba, kwa herufi ndogo. Nyumba 62 ziliulizwa. Katika hizo, 31 zilipatikana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na marafiki wa ukoo. Nyingine 22 ni za watu waliosimamishwa nje ya msikiti baada ya tarawehe. Tisa zilizobaki ni za majirani na watu waliokuwa wakinunua vitu Green Street, karibu na soko la Queen's Market, pale Upton Park.

Asilimia 85 maana yake ni kwamba 53 kati ya 62 walijibu "ndio, nitanunua". Hesabu ni sawa, binti hakudanganya. Lakini nusu ya nyumba zile ni watu waliomshika yeye mchanga, waliokula harusini kwa mama yake, na ambao wangeona aibu kumwambia mtoto wao "la, sitonunua". Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Katika utafiti wa soko, ngozi huvutwa bila ya mwenyewe kujua, kwa kuuliza wale walio karibu.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika hayo ukurasa wa kwanza. Akasema, "Nilidhani sampuli ni kitu cha nyuma, shangazi, kama kiambatisho." Hapana. Padri aliyenisomesha hesabu skuli ya misheni hakuwa akitia tiki jibu lisilo na njia, hata likiwa sahihi. Sampuli ndiyo njia. Asilimia bila ya kusema ni ya watu wangapi, wa wapi, na walipatikana vipi, ni jibu lisilo na njia.

Tukakaa usiku ule tukazigawa zile 53 kwa makundi. Katika watu wa ukoo 31, waliosema ndio walikuwa 30. Nje ya msikiti, 18 kati ya 22. Green Street, watano kati ya tisa. Ukiwaangalia namna hiyo, unaona kwamba kila unavyokwenda mbali na nyumba ya binti, "ndio" zinapungua. Na wateja wa kweli wa biashara, wale wa kuilisha mwezi baada ya mwezi, wako huko mbali.

Halwa ipi?

Wale tisa wa Green Street walitufunza kitu kingine. Mtaa ule una maduka mengi ya Wahindi, Wapakistani na Wabangla, na hao neno halwa wanalo kabla hujafungua mdomo. Kwao ni ile ya karoti iliyopikwa na maziwa, au ya semolina. Ukenda Edgware Road kwa Waarabu wa Sham, au Green Lanes kwa Waturuki, halwa ni ile kavu ya ufuta inayokatwa kwa kisu. Binti aliuliza, "Je, utanunua halwa iliyopikwa hapa London?" Mtu akajibu ndio, na kichwani mwake kuna karoti.

Tuliwapigia simu wale watano waliosema ndio tukawauliza walikuwa wakifikiria nini. Watatu walikuwa na halwa ya karoti au ya semolina. Hawajapata kuiona yetu. Si kosa lao, ni kosa la suali. Kitu kisichojulikana na anayeulizwa hakiulizwi kwa jina. Kwanza unampa kijiko aonje, au unamwonyesha kibakuli, halafu ndio unauliza.

Na kuonjesha watu hapa si jambo la kufanya kienyeji. Anayeanza biashara ya chakula Uingereza anatakiwa ajiandikishe kwa halmashauri ya mtaa wake siku 28 kabla ya kuanza, na kujiandikisha ni bure. Halafu huja ofisa wa afya kukagua jiko, na hapo ndipo hutoka ile alama ya usafi ya sifuri mpaka tano inayobandikwa mlangoni. Binti alikuwa kajiandikisha mapema na alipika kwenye jiko la kukodi kwa saa. Kwa hilo nilimpongeza, maana wengi huanza kuuza kwanza.

Lebo nayo ni sehemu ya soko, si karatasi ya serikali tu. Sheria ya Uingereza inataja vitu 14 vinavyodhuru watu wenye mzio, na vikiwemo lazima vionekane wazi katika orodha ya viungo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 orodha hiyo imekuwa lazima hata kwa chakula kinachofungwa pale pale kinapouzwa, kufuatia kifo cha msichana Natasha Ednan-Laperouse mwaka 2016, aliyekula mkate wenye ufuta usioandikwa. Halwa yetu ina samli, ambayo ni maziwa, na ina lozi. Ukitumia wanga wa ngano, unaongeza cha tatu. Katika dodoso la binti hapakuwa na suali hata moja la kujua nyumba ngapi zina mtoto asiyekula lozi. Nyumba kama hiyo hainunui, hata ikiwa inaipenda halwa vipi.

Utanunua, au ulinunua?

Sasa tuje kwenye suali lenyewe. "Utanunua?" ni suali la adabu. Mtu hujibu kwa moyo. "Mara ya mwisho ulinunua lini kwa pesa yako, wapi, na kiasi gani?" ni suali la kumbukumbu, na hapo mtu inabidi afikiri. Kwa bahati njema binti aliyauliza yote mawili, ila la pili alilizika ukurasa wa tano.

Nyumba zilizonunua halwa ya aina yetu kwa pesa yao, ndani ya miezi mitatu iliyopita, zilikuwa 17 kati ya 62. Yaani kama asilimia 27, si 85. Na hizo zilizobaki 45, si kwamba hazikula halwa. Zilikula. Nyingi ziliandika maneno yale yale: "Tuliletewa." Kaletewa na mama kutoka Maskati, na shemeji aliyetoka Unguja, na rafiki aliyepita Mombasa. Hapo nilicheka, kwa sababu mie mwenyewe nilikuwa nimekuja na vibakuli vinne ndani ya sanduku langu.

Binti alikuwa kaandika ukurasa mzima juu ya washindani wake: maduka ya Edgware Road, wauzaji wa kwenye mtandao, mama mmoja anayepika nyumbani. Mshindani mkubwa hakumwandika. Mshindani mkubwa ni sanduku la shangazi. Halwa yake haina bei, inakuja na salamu, na ina harufu ya kwao. Halwa ya kuuzwa paundi nane lazima ishindane na ile ya bure, na katika jamii yetu hiyo ya bure haikauki maadamu ndege zinaruka. Mtu wa nje angefanya utafiti huu asingeliona hilo. Binti aliliona, majibu yalikuwa mbele yake, lakini alikuwa akiyahesabu kama dalili kwamba watu wanaipenda halwa. Kuipenda kweli wanaipenda. Ila kupenda na kununua ni vitu viwili.

Kwenye bei alifanya jambo la busara. Hakumuuliza mtu "utatoa ngapi?", maana kila mtu atataja kidogo. Alitengeneza kadi tatu za kibakuli cha nusu kilo: moja ya paundi 6, moja ya paundi 8, moja ya paundi 10, na kila nyumba ikaonyeshwa kadi moja tu. Kadi ya 6 ilionyeshwa nyumba 21, zikakubali 12. Ya 8 ilionyeshwa 21, zikakubali tisa. Ya 10 ilionyeshwa 20, zikakubali nne. Jumla ni 25. Kwa hivyo bei ilipotajwa tu, zile "ndio" 53 zilishuka zikawa chini ya nusu, na bado hakuna aliyetia mkono mfukoni.

Binti akaandika kwamba paundi 6 inauza zaidi ya paundi 8. Nikamwambia ngoja. Baina ya 12 na tisa ni nyumba tatu. Ukienda kesho na nyumba nyingine 42, nyumba tatu zinaweza kuhama upande wa pili kwa bahati tu. Baina ya 12 na nne, hapo kuna kitu, paundi 10 inawatisha watu. Lakini baina ya 6 na 8 sampuli hii haiwezi kusema lolote, na ripoti ya kweli huandika hivyo hivyo: haiwezi kusema.

Mfungo Tano

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa ya kalenda. Dodoso lilifanywa kumi la mwisho la Ramadhani na siku ya Idi. Ni nani asiyetaka halwa siku ya Idi? Ni kama kuuliza habari ya miavuli mvua inaponyesha. Halwa kwetu ina misimu yake: Idi mbili, Maulidi, harusi, na hitma. Katikati kuna miezi mirefu ya ukimya, na kodi ya jiko haijui ukimya, inakuja kila tarehe moja.

Basi tukakubaliana arejee. Alichagua Mfungo Tano, mwezi ambao hauna Idi wala Maulidi. Safari hii hakuuliza suali la "utanunua". Aliwaandikia nyumba zile zile 62 kwamba atapika siku fulani, kibakuli cha nusu kilo ni paundi 8, na anayetaka atoe arbuni ya paundi 3, kilichobaki atamaliza akipokea. Kibakuli kilichochafuka au kuchelewa, arbuni inarudi.

Mwezi ule uliangukia likizo ya skuli ya majira ya joto, na hilo lilileta shida yake. Nyumba 18 hazikujibu kabisa, na nyingi kati ya hizo tulijua ziko Unguja au Maskati. Zikabaki nyumba 44. Katika hizo, tisa zilitoa arbuni, kwa vibakuli 13. Nilimuuliza tisa hao ni akina nani. Sita wa ukoo, watatu wa msikitini, na wa Green Street hakuna.

Ukisoma ngazi hiyo kutoka juu mpaka chini, ndiyo ripoti nzima: 53 walisema ndio, 25 walikubali bei, 17 waliwahi kununua siku za karibuni, tisa walitoa pesa. Hakuna aliyesema uwongo katika ngazi zote nne. Kila suali lilikuwa zito kuliko la kabla yake, basi. Na anayetaka kuweka dhahabu yake anasimama kwenye ngazi ya mwisho, si ya kwanza.

Waislamu milioni moja na laki tatu

Kuna ukurasa mmoja katika ripoti uliokuwa hatari kuliko wote, kwa sababu ulikuwa na tarakimu za serikali. Sensa ya Uingereza na Wales ya tarehe 21 Machi 2021 ilihesabu London watu wapatao milioni 8.8, na asilimia 15 kati yao waliandika kwamba ni Waislamu. Hao ni zaidi ya milioni moja na laki tatu. Binti akaandika: "Tukipata asilimia moja tu, tuna wateja 13,000."

Neno "tu" hapo linafanya kazi kubwa. Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini imetoka wapi? Haikutoka kwenye dodoso lake. Haikutoka popote. Na wale milioni moja na laki tatu ni watu, si nyumba, wakiwemo watoto wa kunyonya, na walio wengi katika hao wana halwa yao nyingine, kama tulivyoona Green Street.

Basi hesabu watu wetu tu, alisema. Sawa, lakini sensa haituoni vizuri. Suali la lugha linataka lugha kuu moja. Kaka yangu aliandika Kiarabu, mkewe Kiswahili, watoto Kiingereza, na wote wanakula sinia moja. Suali la mahali pa kuzaliwa linamweka kaka Oman na mkewe Tanzania. Aliyezaliwa Kenya anaweza kuwa wa Mombasa kama sisi, au Mhindi wa Nairobi. Kwenye asili, kisanduku cha Mwarabu kipo, lakini humo tumo pamoja na Wairaki na Wamoroko. Hakuna kisanduku kinachosema "nyumba inayokunywa kahawa chungu na halwa". Kwa hivyo idadi yetu London haipatikani kwa kuzidisha asilimia. Inapatikana kwa kwenda msikiti kwa msikiti, harusi kwa harusi, na kuandika.

Nikamwonyesha na hili. Zile nyumba 17 kati ya 62, kama nyumba 62 zingeokotwa kwa kura kutoka orodha ya nyumba zetu zote za London, tungeweza kusema kwamba ukweli uko baina ya asilimia 16 na 38 hivi. Hiyo ndiyo kazi ya hesabu ya bahati. Lakini hazikuokotwa kwa kura, kwa sababu orodha haipo. Ziliokotwa kwa ujamaa. Kwa hivyo hata ule upana wa 16 mpaka 38 haturuhusiwi kuuandika, na akiuandika mtu ujue kautia kwa urembo.

Sufuria inasema nini

Baada ya kujua mahitaji, tulirudi kwenye sufuria. Kwa bei alizokwisha kuzilipa mwenyewe, sufuria moja inatoa kilo kumi, yaani vibakuli 20. Jiko la kukodi ni paundi 80 kwa zamu moja, vitu vya kupikia 45, vibakuli na lebo 15, kupeleka mjini 20. Jumla paundi 160. Vibakuli 20 kwa paundi 8 ni paundi 160. Ameuza vyote, hajabakisha kimoja, na mkono wake umekoroga bure.

Akipika sufuria mbili zamu moja, na mama yake anakoroga ya pili, jiko ni lile lile 80, vitu 90, vibakuli 30, kupeleka 30. Jumla 230. Vibakuli 40 vinaingiza 320. Inabaki 90, ya kugawa watu wawili kwa siku nzima ya kupika, kufunga na kupeleka. Haifiki mshahara wa chini wa Uingereza, lakini ni kitu. Kwa hivyo anahitaji vibakuli 40 kila zamu. Mfungo Tano alipata 13.

Sasa kile chumba cha kiwanda. Kodi aliyotajiwa ilikuwa paundi 1,200 kwa mwezi. Ukitoa vitu, kibakuli, lebo na usafiri, kila kibakuli cha paundi 8 kinaacha paundi 4. Gawa 1,200 kwa 4. Vibakuli 300 kila mwezi, kwa ajili ya kumlipa mwenye nyumba peke yake, kabla ya umeme, kabla ya bima, kabla ya mtu kupata senti. Wifi yangu hakusoma hesabu nyingi, lakini alipoisikia 300 na 13 aliinuka akaenda kutia kahawa nyingine. Aliporudi alisema, "Basi bangili zikae."

Binti alinyamaza kidogo. Nilimhurumia, kwa sababu kazi aliifanya. Lakini nilimwambia, na nasema tena hapa, kwamba ripoti haikushindwa. Ripoti iliyoshindwa ni ile ambayo ingeuza bangili.

Ukurasa mpya

Aliiandika upya kwa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza sasa unaanza na sampuli: nyumba 62, nusu yao ni jamaa, zote za mashariki ya London, hakuna hata moja ya Southall wala Wembley, na walioulizwa ni wanawake zaidi kwa kuwa muulizaji ni mwanamke. Halafu zinakuja zile ngazi nne. Halafu mipaka, kila mmoja na upande unaovutia. Jamaa kuwa wengi kunaipandisha tarakimu juu. Ramadhani nayo inaipandisha. Likizo ya skuli huenda iliishusha, kwa sababu wale 18 waliokuwa safarini labda wangenunua, na labda wangerudi na masanduku yao. Hajui, na ameandika kwamba kwa hilo hajui.

Hilo la upande ndilo wengi hulisahau. Watu huandika mwishoni "sampuli yetu ilikuwa ndogo" kama mtu anayeomba radhi kwa mazoea. Udogo si tatizo kubwa. Nyumba 62 zilizochaguliwa vizuri zinafaa kuliko nyumba 600 za kundi moja la WhatsApp. Msomaji anataka kujua kasoro inampeleka wapi, juu au chini, ili arekebishe kichwani mwake kabla ya kufungua mkoba.

Na mwisho kuna uamuzi, kwa sababu ripoti isiyofika kwenye uamuzi ni insha. Hakuna kukodi chumba. Atapika kwa zamu, kwenye jiko la saa, Idi mbili na Maulidi, na kwa oda za harusi na hitma, arbuni mbele. Oda moja ya harusi inaweza kumaliza vibakuli 40 peke yake, na mwenye harusi hasubiri sanduku la shangazi, maana sanduku halibebi kilo ishirini. Soko hilo hakuliuliza hata kidogo safari ya kwanza. Sasa anaandika orodha ya nyumba zenye harusi mwaka huu, zisizo za ukoo, na atakwenda nazo na kijiko mkononi, sio na dodoso tu. Akipata oda sita zenye arbuni ndani ya miezi sita, tutazungumza tena. Akikosa, atakuwa kapoteza zamu chache za jiko.

Nilipokuwa nafunga safari kurudi Maskati alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Akaniambia, "Shangazi, ukija tena usilete halwa." Nikamwuliza kwa nini. "Unaniharibia soko."

Nimemwahidi. Ila mama yake keshanipigia simu kwa siri, anataka vibakuli viwili.